Bibi Alicheka au Alikamatwa? Jinsi ya Kuandika Masimulizi ya Wazee wa Eastlands

Familia nyingi za Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo na Bahati zimeanza kurekodi masimulizi ya wazee wao kwa simu. Kurekodi ni rahisi. Kazi huanza pale sauti inapotakiwa kuwa maandishi. Wengi huitia rekodi kwenye programu ya kunukuu sauti, nayo hutoa ukurasa safi kwa dakika chache. Iwapo mzee anazungumza lahaja, yaani Kiswahili cha kwao, ukurasa huo unaweza kueleza jambo ambalo hakulisema kamwe.

Tuchukue mfano tuliouunda ili kuonyesha hatari hiyo. Bibi mkazi wa Majengo, Pumwani, alilelewa na wazazi waliotoka Mombasa, na nyumbani kwao walizungumza Kimvita. Anasimulia msako wa Operesheni Anvil ulioanza tarehe 24 Aprili 1954, wakati wanajeshi wa Uingereza na polisi walipoizingira Nairobi na kuwapeleka maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kizuizini. Anasema hivi:

"Askari wakaiona ile karatasi ya baba, wakatuteka, wakasema: haya, ndia ile."

Programu inaandika: "Askari wakaiona ile karatasi ya baba wakatuteka wakasema haya ndio ile."

Msomaji wa leo ataelewa kwamba askari waliikagua karatasi, wakaitambua kuwa ndiyo waliyoitafuta, wakaiteka familia nzima. Katika Kimvita, hata hivyo, kuteka ni kucheka, na ndia ni njia. Bibi alisema askari waliwacheka, kisha wakawaonyesha njia waende zao. Neno moja limebaki na maana ngeni, jingine limebadilishwa, na familia iliyoachiliwa imegeuka familia iliyokamatwa. Mjukuu akiipeleka karatasi hiyo kwa mtafiti, au akiitumia kudai kwamba babu yake alizuiliwa, kosa litakuwa limeingia katika historia.

Chanzo cha kosa kinaeleweka. Mwaka 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hicho ndicho kilichoingia vitabuni, shuleni na katika habari za redio. Programu za kunukuu sauti hujifunza kutokana na maandishi na rekodi zilizopo, na nyingi ni za Kiswahili hicho. Zinaposikia sauti zisizoizoea, huchagua neno la karibu linalotumika mara nyingi. Mara nyingi haziachi pengo wala haziweki alama ya shaka. Kwa hiyo kosa halionekani kama kosa. Linaonekana kama sentensi nzuri.

Kuna dalili mbili za kutafuta. Ya kwanza ni hadithi kutopatana. Kama familia "ilitekwa" na sentensi inayofuata inasema walifika nyumbani wakapika, rudi kwenye sauti. Ya pili ni kitu kisichotarajiwa kuzuka katikati ya maelezo. Mtu wa Mvita akikuita husema "ndoo", yaani njoo. Ukiona ndoo ya maji imeingia katika habari za askari mlangoni, huenda ni askari anayemwita mtu.

Ukishajua kwamba rekodi ina lahaja, andika kwa mkono. Mtu aliyezoea huhitaji saa sita hadi nane kuandika saa moja ya mazungumzo, na lahaja huongeza muda huo. Igawe rekodi katika vipande vya dakika kumi, na ufanyie kazi nakala. Faili asili usiiguse. Programu yaweza kukusaidia kujua mada fulani iko dakika ya ngapi, lakini maneno yake usiyachukue kabla ya kusikiliza mwenyewe.

Kila sentensi yenye lahaja iandike kwa mistari miwili. Mstari wa kwanza ni maneno kama yalivyotamkwa, wa pili ni maana yake katika Kiswahili sanifu, na mwanzoni weka wakati:

00:14:32 Wakatuteka, wakasema: haya, ndia ile.
Sanifu: Wakatucheka, wakasema: haya, njia ile.

Usiusahihishe mstari wa kwanza. Bibi aliyeishi Nairobi zaidi ya miaka sabini anaweza kusema "ndia" sasa na "njia" dakika tano baadaye. Andika kila moja pale ilipotamkwa. Ukizifanya zote ziwe sawa, utakuwa umefuta ushahidi wa jinsi alivyozungumza. Usiposikia neno, andika [haisikiki] pamoja na wakati. Ukilisikia bila uhakika, liandike na ulitilie [?]. Pengo lililowekwa alama linaweza kuzibwa na mtu mwingine. Neno la kubahatisha hakuna atakayejua kulitafuta.

Pembeni fungua daftari la maneno. Kwa kila neno geni weka wakati liliposikika mara ya kwanza, maana yake, na aliyeithibitisha. Baada ya kurasa chache utaona mpangilio. Katika Kimvita, maneno kadhaa yenye "nj" katika Kiswahili sanifu hutamkwa kwa "nd": njia ni ndia, njaa ni ndaa. Baadhi ya yale yenye "ch" hutamkwa kwa "t": macho ni mato, kucheka ni kuteka. Ukiujua mpangilio huo, rudi kurasa za nyuma uyakague maneno uliyoyapita ukidhani umeyaelewa. Lakini usiufanye sheria. Kuteka maji kisimani kunabaki kuteka maji, na ni sentensi nzima pekee itakayokuambia bibi alikusudia lipi.

Hatua ya mwisho ni kurudi kwa msimulizi. Mchezeshee kile kipande cha nusu dakika, kisha umuulize swali lililo wazi: "Bibi, hapo askari walifanyaje?" Usimuulize, "Bibi, waliwakamata, sivyo?" Wazee wengi hukubali ili wasimvunje moyo mjukuu, na jibu lake litakuwa lako. Kama msimulizi amechoka au ametangulia mbele ya haki, mtafute mtu wa rika lake aliyekulia lahaja hiyo hiyo. Mzungumzaji wa Kiswahili cha Lamu au cha Tanga atasaidia kwa mengi, lakini si kwa yote. Majina ya mahali na ya watu yathibitishwe kwa njia hiyo hiyo.

Kabla ya kumpa mtu mwingine rekodi, pata idhini ya msimulizi, na umweleze itatumikaje na nani ataisikia. Sauti yake na habari za familia yake zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Akisema sehemu fulani isitolewe, andika wakati inapoanzia na inapoishia, na uiache.

Mwishowe hifadhi vitu vitatu pamoja: sauti asili, maandishi ya mistari miwili, na daftari la maneno. Ukitaka kuvikabidhi kwa umma, uliza kwanza katika Maktaba ya McMillan au matawi yake ya Kaloleni na Makadara, au Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, kama wanapokea rekodi za aina hiyo na kwa masharti gani. Usikabidhi maandishi bila sauti. Atakayetilia shaka neno "wakatuteka" miaka ishirini ijayo atahitaji kumsikia bibi mwenyewe akilitamka.