Je, wajua? Bomba la maji la Olympic laweza kuhamia Samburu na seva isilalamike

Kila seva ya wavuti inapojibu ombi, hutanguliza namba ya tarakimu tatu iitwayo namba ya hali. Ikianza na 4, kosa liko kwa aliyetuma ombi, kwa hiyo alirekebishe kwanza. Ikianza na 5, seva ndiyo iliyoshindwa, ingawa ombi huenda lilikuwa sahihi kabisa. Tofauti hii huamua nani ataamshwa usiku. Ongezeko la 500 humfikia fundi wa seva papo hapo. 400 humrudia mtumaji, na kwa kawaida hakuna kengele inayolia kwa ajili yake.

Mfano mzuri wa upangaji huu wa makosa ni OpenStreetMap, ramani huria ya dunia. Hadi mwaka 2009 Kibera ilikuwa karibu tupu kwenye ramani hiyo. Mwaka huo vijana wa mradi wa Map Kibera walipita vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaweka kwenye ramani vyoo, zahanati, shule na mabomba ya maji. Kila nukta waliyoongeza ilipitia seva ya ramani hiyo, na nukta huandikwa kwa namba mbili, latitudo na longitudo.

Tuseme mtu anaweka kwenye ramani bomba la maji lililo karibu na steji ya Olympic, huko Kibera. Latitudo ya hapo ni takriban -1.31 na longitudo 36.77. Kwa haraka anaandika -1.3l, yaani herufi l mahali pa tarakimu 1. Seva, iliyoandikwa kwa lugha ya Ruby, inajaribu kugeuza maandishi hayo kuwa namba, inashindwa, na Ruby inazusha hitilafu iitwayo `ArgumentError`. Hitilafu hiyo ikiachwa ipande bila kudakwa, itafika juu kabisa na kutoka kama 500. Fundi ataamka kutafuta kasoro isiyokuwepo, na simu ya mtumaji, ikidhani seva ina shida ya muda, huenda ikatuma tena na tena kitu ambacho hakitakubaliwa kamwe, huku bando likiisha.

Ndiyo sababu msimbo wa ramani hii huidaka hitilafu pale pale maandishi yanapogeuzwa:

```ruby
def self.parse_float(str, klass, *args)
  Float(str)
rescue StandardError
  raise klass.new(*args)
end
```

Kazi inayosoma latitudo hupitisha `APIBadXMLError` mahali pa `klass`, na aina hiyo ya hitilafu imefungiwa namba 400. Mtumaji anaambiwa kwamba latitudo si namba. Mwingine akisahau nukta ya desimali na kuandika -131, hiyo ni namba halali, lakini latitudo haivuki 90 upande wowote. Ukaguzi mwingine unaikamata, nayo inarudi 400 pamoja na ujumbe kwamba nukta iko nje ya dunia.

Uamuzi wa busara zaidi umo kwenye aina mama, `APIError`, ambayo yenyewe hubeba 500. Mtu akibuni aina mpya ya hitilafu na kusahau kuichagulia namba, lawama huangukia seva. Huko ndiko inakostahili kuanzia, maana kasoro isiyojulikana haifai kutwikwa mtumaji hadi ithibitishwe kuwa ni yake.

`rescue` ya hapo juu haina hatari kwa sababu imezingira mstari mmoja tu. Hatari huja inapozingira shughuli nzima ya kuhifadhi nukta na kugeuza kila `ArgumentError` kuwa 400. Ruby huzusha hitilafu hiyo hiyo pia mtengenezaji programu anapoita kazi kwa idadi isiyo sahihi ya vigezo, na hapo kosa ni lake mwenyewe. Mkazi wa Kibera aliyeandika kila kitu sawasawa ataambiwa amekosea, na kengele ya seva itabaki kimya. Dalili yake hutambulika: 400 huongezeka ghafla mara tu baada ya toleo jipya kuwekwa, kwa watumaji wengi kwa pamoja, hata kwa maombi yaliyopita vizuri jana yake. Fundi aliyerekodi aina ya hitilafu na mstari ilikozuka kwa kila 400 huiona kasoro hiyo haraka. Aliyerekodi namba peke yake ana kazi ndefu.

Hata upangaji ulio sahihi una mpaka wake. Alama ya kutoa ikisahaulika, -1.31 inakuwa 1.31, na bomba la Olympic linahamia Samburu, upande wa Maralal. Nukta hiyo ni halali na iko duniani, basi seva inaipokea na kujibu 200. Kosa la namna hiyo hugunduliwa na mtu anayeifahamu Olympic, akiifungua ramani na kuona bomba halipo.