Pango Likikatwa Asilimia 10: Barua kwa Mwenye Ghala

Chukulia kampuni ndogo iliyopanga ghala Mapinga, kando ya barabara ya Bagamoyo. Pango ni shilingi 1,500,000 kwa mwezi, nalo hulipwa kwa miezi sita, kama ilivyo kawaida yetu: 9,000,000 kwa mkupuo. Januari ililipa zote. Juni ikapokea notisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, na malipo ya Julai yanakaribia. Mhasibu anataka kukata, mkurugenzi anaogopa kufukuzwa, na mwenye ghala ameshasema kwa simu kwamba kodi zake analipa mwenyewe.

Kwanza notisi isomwe hadi mwisho, kwa sababu kuna mbili zinazochanganywa. Ya kwanza humkumbusha mpangaji kwamba anapaswa kukata kodi ya zuio kwenye pango. Ya pili hutokana na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015: mwenye jengo anadaiwa kodi, na TRA inamwagiza mpangaji apeleke kwao fedha ambazo angemlipa mwenye jengo, hadi kiasi kilichotajwa. Hii ya pili inaweza kumeza pango lote, na ukilipa kama ulivyoagizwa unahesabiwa umemlipa mwenye jengo. Ukimpa yeye fedha hizo baada ya notisi, deni linaweza kukurudia wewe.

Notisi ya kampuni yetu ni ya kwanza. Hapo Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, haina utata. Kampuni inayolipa pango la ardhi au jengo kwa mkazi wa Tanzania hukata asilimia 10 na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kwa malipo ya Julai, mwenye ghala anapata 8,100,000, na 900,000 inapaswa kufika TRA kabla ya tarehe 7 Agosti kupita. Ikiwa pango lina VAT, asilimia 10 hupigwa kwenye pango kabla ya VAT. Ikiwa mwenye jengo si mkazi wa nchi, usitumie 10. Kiwango chake ni kingine, kaulize.

Ugomvi mara nyingi huanzia kwenye lugha yetu wenyewe. Neno “kodi” hubeba pango na ushuru wa serikali kwa pamoja, na mikataba ya mtaani huandikwa kwa neno hilo hilo. Nimeshaona sentensi kama “kodi zote zitalipwa na mpangaji”, ambayo kila upande huisoma kwa faida yake. Mwingine atakwambia kodi yake inakatwa kwenye LUKU. Hiyo ni kodi ya jengo, inayokusanywa kwa njia hiyo tangu 2021. Haihusiani na kipato cha pango. Na makubaliano ya “usinikate” hayamwondolei mpangaji wajibu. Asipokata, kodi ile ile atadaiwa yeye, pamoja na riba.

Kama kweli mlikubaliana kwamba 9,000,000 ifike mkononi kamili, hesabu inabadilika. Usikate 900,000. Gawanya 9,000,000 kwa 0.9: pango halisi ni 10,000,000 na kodi ni 1,000,000, ikitoka mfukoni mwa mpangaji. Wengi hukosea hapa.

Inabaki 900,000 ya Januari, ambayo haikukatwa. Kampuni iilipe TRA sasa. Baadaye inaweza kuidai kwa mwenye ghala, maana ilikuwa sehemu ya fedha alizopokea. Riba ibebe yenyewe, kwa kuwa kuchelewa ni kwake. Kuikata yote Julai kungempa mwenye ghala 7,200,000 bila maandalizi, na hapo ndipo makufuli hubadilishwa. Ndiyo maana barua itangulie malipo:

“Yah: Kodi ya zuio kwenye pango la ghala. Mzee wetu, shikamoo. Tumepokea notisi ya TRA, nakala tumeambatisha. Kuanzia malipo ya Julai tutakata asilimia 10, yaani shilingi 900,000, na kukulipa 8,100,000. Tunaomba namba yako ya mlipakodi (TIN) ili malipo yaingie kwa jina lako, na tutakuletea hati ya kodi iliyozuiwa. Kuhusu 900,000 ya Januari, tunapendekeza uirejeshe kwa awamu mbili, Julai na Januari ijayo. Ikiwa ulishailipia kodi, tafadhali tupatie stakabadhi tuzipeleke TRA kabla hatujalipa.”

Hati hiyo ndiyo inayomtuliza mwenye mali. Kama ni kampuni, kiasi kilichokatwa hupunguza kodi yake ya mwaka. Kama ni mtu binafsi asiyeendesha biashara ya kupangisha, makato hayo ndiyo kodi yake ya mwisho kwa pango hilo. Bila hati, hana cha kuonyesha akiulizwa, na ana haki ya kukukasirikia.

Ipeleke barua kwa mkono, na nakala yako isainiwe na kuwekwa tarehe ya kupokelewa.