Watu watano, siagi moja ya karanga: ujumbe wa kugawana kazi ya masoko

Mwalimu wa masoko akishatoa kazi ya kikundi, mgawanyo hufanyika kwenye WhatsApp ndani ya dakika kumi. Mmoja anaandika: "Jamani, mimi nachukua bidhaa, wewe bei, wewe usambazaji, wewe utangazaji, na aliyebaki aandike utangulizi." Wote wanajibu sawa, kisha kundi linanyamaza mpaka siku mbili kabla ya kukusanya.

Mgawanyo huo unaonekana wa haki kwa sababu kila mtu ana kichwa chake cha habari. Kwa kazi ya masoko hasa, ni mgawanyo mbovu. Tuchukue kazi ya kawaida: wanafunzi watano wanatakiwa kuandika mpango wa masoko wa siagi ya karanga ya mjasiriamali mdogo anayetaka kuiuza Dar es Salaam. Aliyechukua bidhaa anapendekeza chupa ya kioo yenye lebo maridadi, kwa kuwa inavutia. Aliyechukua bei amepiga hesabu ya kopo la plastiki, akapata kwamba kila kopo linamgharimu mzalishaji shilingi 3,200 na linaweza kuuzwa dukani kwa 5,000. Wa usambazaji ameandika maduka ya mtaani, Mbagala na Temeke. Wa utangazaji amepanga matangazo ya Instagram yanayowalenga wanaofanya mazoezi kwenye jimu za Masaki. Kila sehemu ukiisoma peke yake inaridhisha. Zikiunganishwa, unakuta siagi inayonunuliwa na watu wanne tofauti. Chupa ya kioo ikiongeza shilingi 900 tu kwenye gharama, nusu ya pengo kati ya 3,200 na 5,000 imeshaliwa, na faida ya mwenye duka inatoka humohumo.

Mambo haya manne ya masoko yanategemea jibu la swali moja: mteja ni nani? Kwa hiyo ujumbe mzuri wa kugawana kazi hauanzi na majina. Unaanza kwa kutenganisha yanayofanywa na wote, yanayofanywa na mmoja mmoja, na yale ambayo hayawezi kuanza mpaka mengine yaishe.

Haki nayo haipimwi kwa idadi ya vichwa vya habari. Ukurasa wa utangulizi ni kazi ya saa moja. Kuzunguka maduka sita na daftari, kisha kukaa na hesabu za gharama, ni kazi ya siku nzima. Kuunganisha maandishi ya watu watano yasomeke kama ya mtu mmoja ni kazi nzito ambayo karibu kila kikundi huisahau, halafu inamwangukia mwenye kompyuta usiku wa mwisho. Kipimo ninachokiamini ni saa: kadiria kila kazi, jumlisha, gawanya kwa idadi ya watu.

Huu hapa ujumbe ambao mwanakikundi angeutuma Jumatatu tarehe 4, kazi ikikusanywa Ijumaa tarehe 22. Majina nimeyawekea herufi.

"Habari za jioni jamani. Nimeisoma kazi ya mwalimu na nina pendekezo. Kama kuna lisilofaa tulirekebishe mapema. Naona tusigawane sehemu kabla ya kujua mteja wetu. Kila mmoja ahoji watu wanne wanaonunua siagi ya karanga au waliowahi kuinunua, tupate ishirini. Ni kama saa moja kwa kila mtu. A aandae maswali, yatufikie Jumatano mchana, majibu yarudi kwake Jumamosi jioni. B apite maduka sita, ya mtaani na supamaketi, aandike bei, ujazo na aina ya kopo, naye amalize Jumamosi. Jumatatu tarehe 11 saa kumi jioni tukutane maktaba, tuamue mteja mmoja na bei tutakayoilenga. Hapo ndipo C, D na E waanze kuandika.

"Baada ya mahojiano, makadirio yangu ni haya. A: maswali, kujumlisha majibu na sehemu ya mteja, saa 8. B: maduka, hesabu ya gharama na sehemu ya bei, saa 8. C: bidhaa na kopo lake saa 3, kuunganisha na kuhariri ripoti saa 5. D: usambazaji saa 4, slaidi saa 4. E: mpango wa utangazaji saa 5, bajeti yake saa 3. Kila sehemu iwe kurasa mbili, iingie kwenye faili letu la pamoja Ijumaa tarehe 15 kabla ya saa mbili usiku. Jumamosi na Jumapili kila mtu asome sehemu ya mwenzake: A asome ya E, B ya C, C ya D, D ya A, E ya B. Jumanne tarehe 19 C awe na ripoti moja. Jumatano tufanye mazoezi ya kuwasilisha, Alhamisi tuiache kwa dharura.

"Ukikwama, sema siku mbili kabla ya tarehe yako ili tusaidiane. Naomba kila mtu ajibu kwa maneno yake, siyo dole gumba, kufikia kesho saa sita mchana: anakubali, au anataka kubadilishana na nani."

Angalia jinsi wasomaji walivyopangwa. E anayeandika utangazaji anasomwa na A anayemjua mteja, naye C mwenye kopo anasomwa na B mwenye gharama. Kioo cha shilingi 900 kingekamatwa wikendi hiyo, siyo mbele ya darasa.

Ombi la kujibu kwa maneno lina sababu yake pia. Mhandisi Mfaransa Max Ringelmann alipima watu wakivuta kamba, na katika matokeo aliyochapisha 1913 alionyesha kwamba kadiri wavutaji wanavyoongezeka, wastani wa nguvu ya kila mmoja unapungua. Sehemu ya upungufu ni kutovuta kwa pamoja, na sehemu nyingine ni kulegea. Mwaka 1979 watafiti wa Marekani Latané, Williams na Harkins waliwapigisha wanafunzi makofi na kelele, wakaona kulegea huko hata pasipo kamba. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba mtu akijua mchango wake binafsi unaonekana, hulegea kidogo sana au halegei kabisa. Ndiyo maana kila kazi kwenye ujumbe ina herufi moja, siyo mbili. Ukiandika "C na D washughulikie slaidi," kila mmoja atamngoja mwenzake.

Mpango huu una mipaka. Saa ni makadirio, na anayepanga hawajui wenzake wote. Tuseme D anajibu: "Wikendi nipo kibaruani, siwezi kusoma ya A." Jibu zuri haliwi "tutaona." Linakuwa: "Basi, kaka, ya A nitaisoma mimi, wewe uniandalie ukurasa wa marejeo Jumatatu," na mabadiliko hayo yanaandikwa upya kwenye ujumbe uliobandikwa juu ya kundi, ili asitokee wa kuuliza tena nani alisema nini.

Kuna pia mwenzetu asiyejibu kabisa. Huyo apigiwe simu Jumanne hiyohiyo jioni, na mtu mmoja tu, kwa upole; mara nyingi bando limeisha au kuna mgonjwa nyumbani. Akiwa kimya mpaka Alhamisi, mahojiano yake manne wagawane wengine, kila mmoja moja, na sehemu yake ijadiliwe kwenye kikao cha tarehe 11. Mwalimu aarifiwe wiki hiyo, wakati bado ana nafasi ya kumwita na kumsikiliza. Malalamiko yanayofika tarehe 22 pamoja na ripoti hayampi mwalimu la kufanya zaidi ya kukata alama.