Vinundu Kisiginoni, Hatari Moyoni

Kolesteroli nyingi haiumi. Mtu anaweza kukaa nayo miaka na miaka, analima, anacheza mpira, analea watoto, na asihisi lolote mpaka siku kifua kinapombana. Wengi hawagundui mapema kwa sababu hiyo. Lakini wapo watu ambao kolesteroli yao imepanda mno tangu walipozaliwa, na baadhi yao huwa na alama ambazo jicho linaweza kuziona na kidole kikazipapasa. Alama hizo hukaa kwenye kano, kwenye ngozi na ndani ya macho.

Tuanze na chanzo, maana wengi hudhani ni ulaji tu. Kolesteroli husafiri kwenye damu ikiwa imebebwa na chembe ndogo zinazoitwa LDL. Kazi ya kuziondoa ni ya ini, nalo hutumia vipokezi vilivyo juu ya seli zake kuzinasa. Siri hiyo iligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Texas, ambao walipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1985. Mtoto akirithi kasoro ya vipokezi hivyo kutoka kwa mzazi mmoja, vinavyofanya kazi hubaki takriban nusu, na LDL yake huwa kama maradufu ya watu wengine hata akila vizuri. Hali hii humpata takriban mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Akirithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, jambo ambalo ni nadra sana, LDL hupanda mara nne au zaidi.

Stormie Jones, msichana wa Texas aliyezaliwa mwaka 1977, alirithi kasoro kutoka pande zote mbili. Ngozi yake ilitoka vinundu vya kolesteroli. Kolesteroli yote katika damu yake ilizidi miligramu 1,000 kwa desilita, wakati kiwango kinachotarajiwa ni chini ya 200. Akiwa na miaka sita alikwisha kupata mshtuko wa moyo. Tarehe 14 Februari 1984, madaktari wa Pittsburgh walimpandikiza moyo na ini kwa wakati mmoja, upasuaji wa kwanza wa aina hiyo. Moyo ulibadilishwa kwa sababu ulikuwa umeharibika. Ini lilibadilishwa kwa sababu ndilo lililokosa vipokezi. Baada ya majuma machache kolesteroli yake ilikuwa imeshuka hadi karibu 300. Aliishi miaka mingine sita na zaidi, akafariki mwaka 1990 akiwa na miaka 13.

Vinundu vya namna hiyo madaktari huviita zanthoma. LDL inapozunguka kwenye damu muda mrefu bila kuondolewa, hupenya kwenye tishu. Seli za kinga huimeza hadi zikajaa mafuta, na seli hizo zikirundikana huwa uvimbe. Kinachotokea kwenye kano ya kisigino ndicho kinachotokea kwenye kuta za mishipa inayolisha moyo. Tofauti ni kwamba kwenye mshipa wa moyo uvimbe huziba njia ya damu.

Zanthoma ya kano ndiyo alama yenye uzito kuliko zote, na hupenda zaidi kano kubwa iliyo nyuma ya kisigino. Ili kuikagua, mtu hubana kano hiyo kwa kidole gumba na cha shahada, akipanda taratibu kutoka kisigino kuelekea kwenye ndama ya mguu, kisha hulinganisha miguu yote miwili. Kano ya kawaida ni nyembamba na laini kingo zake. Yenye zanthoma huwa nene, ngumu, na pengine ina mabonde na vilima. Mahali pengine ni mgongo wa mkono, kwenye vifundo vya vidole. Mtu akikunja na kukunjua vidole, uvimbe husogea pamoja na kano, wakati ngozi iliyo juu yake huteleza bila kushikana nao. Mara nyingi hauumi, ingawa kano ya kisigino inaweza kuvimba na kuuma, hasa baada ya mazoezi.

Hapo ndipo makosa hutokea. Uvimbe wa mkononi huitwa jongo au baridi yabisi, na wa kisigino huitwa jeraha la michezo. Jongo kwa kawaida huja ghafla, kwa maumivu makali, wekundu na joto. Zanthoma hukua polepole kwa miaka. Wengine huenda kukatwa uvimbe bila damu kupimwa. Kisu hakigusi chanzo, kwa hiyo uvimbe unaweza kurudi, na mishipa ya moyo huendelea kuziba.

Alama ya macho ni duara jeupe au la kijivu linalozunguka sehemu yenye rangi ya jicho. Huanza kama tao juu na tao chini, kisha matao hukutana. Si mtoto wa jicho, ambao hukaa nyuma ya mboni na kufifisha uoni. Duara hili haliharibu uoni kabisa. Uzito wake hutegemea umri. Kwa mzee wa miaka 70 ni jambo la kawaida, na kwa watu weusi huweza kutokea mapema zaidi, kwa hiyo peke yake si hukumu. Likionekana kabla ya miaka 45, damu ipimwe.

Mabaka ya manjano kwenye kope yanahitaji tahadhari pia. Karibu nusu ya wenye nayo wana kolesteroli ya kawaida, hivyo hayathibitishi ugonjwa wa kurithi, lakini ni sababu tosha ya kupima. Kwenye ngozi nyeusi umanjano wake unaweza kufichika, na vinundu vya mwilini vikaonekana vya kahawia au vya rangi ya ngozi yenyewe. Kidole kisaidie jicho.

Kinachothibitisha ni kipimo cha damu. LDL ya milimoli 4.9 kwa lita au zaidi kwa mtu mzima, sawa na miligramu 190 kwa desilita, humfanya daktari aushuku ugonjwa wa kurithi. Kwanza huhakikisha kwamba tezi ya shingo haijalegea na figo hazivujishi protini, maana hayo nayo hupandisha kolesteroli. Kano zenye vinundu zikiongezwa juu ya kipimo hicho, shaka hubaki ndogo sana. Kukosa vinundu, hata hivyo, si kinga: wengi wenye ugonjwa huu hawana alama yoyote ya nje.

Dawa zipo. Za kwanza ni statini, ambazo hulifanya ini liongeze vipokezi, na mara nyingi huongezewa ezetimibu inayopunguza kolesteroli inayofyonzwa tumboni. Hunywewa maisha yote. Bila tiba, karibu nusu ya wanaume waliorithi kasoro kwa mzazi mmoja hupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kufikia miaka 50. Waliotibiwa mapema huepuka sehemu kubwa ya hatari hiyo.

Basi ukiona kano nene kisiginoni kwako, au duara jeupe katika jicho la kijana wako, usianze na kisu wala dawa ya maumivu. Omba kipimo cha kolesteroli, na uulize LDL ni ngapi. Ikiwa imepanda mno, wapeleke wazazi, ndugu na watoto wako wakapimwe pia, kwa kuwa kila mtoto wa mwenye ugonjwa huu ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi.