Kidonge kinachotangulia kadi ya kliniki

Katika kata ya Pasua, kusini mwa mji wa Moshi, mwanamke akijigundua mjamzito hatangazi. Siku za mwanzo anajua yeye mwenyewe, na labda mama yake au shoga yake mmoja. Mume huambiwa baadaye kidogo, majirani huachwa wajionee. Mimba changa ni siri, na siri hiyo ina sababu zake. Mimba inaweza kuharibika. Watu wana maneno. Isitoshe, mahudhurio ya kwanza kliniki mama huombwa aje na mwenzi wake ili wapimwe pamoja, na si kila mwenzi hukubali kuacha kibarua chake kwa ajili hiyo. Basi anasubiri. Mwezi wa pili unapita, wa tatu unapita, na siku moja ya mwezi wa nne au wa tano anashika njia kwenda kituo cha afya. Anapimwa uzito, presha na wingi wa damu, anapewa kadi, na pamoja na kadi anapewa vidonge vya kuongeza damu.

Ndani ya vidonge hivyo mna vitu viwili, madini ya chuma na foliki asidi. Chuma kitamfaa mpaka siku ya kujifungua na hata baada yake. Foliki asidi nayo itaendelea kusaidia kutengeneza damu. Lakini kazi nyingine ya foliki asidi, ile ya kumkinga mtoto na mgongo wazi, muda wake umeshapita. Ulipita miezi miwili au mitatu nyuma, siri ikiwa bado siri.

Jambo hili halieleweki mpaka mtu ashike kalenda. Tuchukue mwanamke ambaye siku zake huja kila baada ya siku 28, na hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Yai hupevuka katikati ya mwezi, kwa hiyo mimba inatungwa karibu na tarehe 15. Tarehe 29 anategemea kuona siku zake, hazioni. Hapo hajashtuka, kwa sababu kuchelewa siku mbili tatu ni kawaida. Juma moja baadaye, tarehe 5 Aprili, akiwa mwepesi ananunua kipimo cha mkojo duka la dawa na kuona mistari miwili. Wakati huohuo, ndani ya kiumbe chenye urefu wa milimita chache, utando bapa wa chembe hai umeshajikunja kingo zake zikielekeana, kama jani la mgomba linavyokunjwa kuwa mrija wa kukingia maji. Kingo hizo zinaanza kushonana katikati, halafu mshono unapanda kuelekea kichwani na kushuka kuelekea kiunoni. Upande wa kichwa hufungika kwanza, wa kiuno hufuata. Kufikia siku ya 28 tangu mimba itungwe, yaani tarehe 12 Aprili, kazi imekwisha. Bomba hilo ndilo litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo.

Kati ya siku aliyotarajia hedhi na siku bomba lilipofungika ni majuma mawili tu. Akienda kliniki mwezi Julai, hata akipewa foliki asidi ya aina bora kuliko zote duniani, haiwezi kufungua mshono uliokosea na kuushona upya.

Ukibaki wazi upande wa kiuno, mtoto anazaliwa na mgongo wazi: uvimbe au kidonda mgongoni, mishipa ya fahamu ikiwa nje. Miguu inaweza kukosa nguvu, mkojo na choo visizuilike, na mara nyingi maji hujikusanya kichwani mpaka kichwa kinakua kupita kiasi. Mtoto huyo anatakiwa kufika kwa daktari wa upasuaji siku za mwanzo kabisa, kabla vijidudu havijaingia kupitia kidonda. Kwa familia ya Moshi, hospitali ya KCMC iko jirani, na safari ya mbali zaidi ni ya kwenda Taasisi ya Mifupa MOI, Dar es Salaam. Ukibaki wazi upande wa kichwa, ubongo hautengenezeki, na mtoto haishi. Kinachoumiza zaidi ni yale yanayofuata nyumbani, pale mama anapoulizwa alikula nini, alitembea wapi usiku, ukoo wao una laana gani. Anabebeshwa lawama ya mshono uliokosea kabla hata hajajua kwamba ana mimba.

Kwamba foliki asidi inazuia sehemu kubwa ya ajali hii si dhana. Uingereza, Baraza la Utafiti wa Tiba liliwaandikisha wanawake waliokuwa wameshazaa au kubeba mtoto mwenye kasoro hiyo na waliotaka kuzaa tena, katika vituo 33 vya nchi 7. Wengine walipewa miligramu 4 za foliki asidi kila siku tangu kabla ya mimba, wengine hawakupewa. Matokeo yalitoka mwaka 1991. Kati ya mimba 593 za waliotumia foliki asidi, 6 zilikuwa na kasoro. Kati ya 602 za wasiotumia, zilikuwa 21. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, ili asiendelee kunyimwa mtu. Lakini zile 6 nazo zisisahaulike. Dawa hii inapunguza, haifuti. Kuna kasoro zinazotokana na urithi au sababu nyingine, na mama aliyemeza kila siku akapata mtoto mwenye mgongo wazi hakukosea popote.

Kwa mwanamke asiye na historia hiyo, kipimo cha kawaida ni kidogo zaidi: mikrogramu 400 kwa siku, ambazo ni sawa na miligramu 0.4. Anaanza anapopanga kubeba mimba na kuendelea mpaka majuma 12 yatimie. Kwa mwanamke wetu wa Machi, majuma hayo yanatimia tarehe 24 Mei. Baada ya hapo anaendelea na vidonge vya damu vya kliniki, ambavyo vina foliki asidi ndani yake.

Mwanzo wake ndio unaohitaji kuangaliwa vizuri. Walio wengi huambiwa waanze angalau mwezi mmoja kabla. Hata hivyo foliki asidi haijai mwilini kwa siku moja. Inaingia kwenye chembe nyekundu za damu pale zinapotengenezwa, na chembe hizo hubadilishwa polepole, kwa muda wa miezi. Kwa mikrogramu 400 za kila siku, huchukua majuma manane mpaka kumi na mawili hivi kiwango kwenye damu kufika pale panapokinga vizuri. Kwa hiyo mwanamke huyu angeanza mwanzoni mwa Januari, Machi ingemkuta tayari. Naye aliyekwisha kuona mistari miwili bila kuwa ameanza, aanze leo hii bila kungoja kadi, kwa sababu huenda siku chache bado zimebaki.

Sasa twende dirishani pa duka la dawa, maana hapo ndipo mambo hukorogeka. Mwanamke akiomba foliki, mara nyingi anapewa vidonge vidogo vya njano kwenye bahasha iliyoandikwa 1x1. Vingi kati ya hivyo ni vya miligramu 5. Hiyo ni zaidi ya mara kumi na mbili ya kipimo cha kawaida. Si sumu, na wapo wanaovihitaji hasa: aliyewahi kupata mimba au mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, mwenye selimundu, na anayetumia dawa za kifafa kama valproeti au kabamazepini. Hawa huandikiwa na daktari miligramu 4 au 5 kwa siku, na wa kifafa asiache dawa zake kwa hofu, aende azungumze na daktari kabla ya kubeba mimba. Wengine wote wanahitaji kile kidogo, na njia rahisi ya kukipata ni vidonge vya pamoja vya chuma na foliki asidi. Hapo pia isomwe karatasi ya paketi. Vipo vyenye mikrogramu 400, na vipo vyenye pungufu ya hapo.

Kidonge cha njano kina mgogoro mmoja unaowahusu sana wakazi wa ukanda wa chini wa Moshi. Huku juu Marangu au Kibosho baridi hupunguza mbu, lakini Pasua imepakana na tambarare za mashamba ya mpunga ya umwagiliaji. Ndiyo maana mjamzito anapofika kliniki baada ya miezi mitatu hupewa vidonge vitatu vya SP avimeze palepale mbele ya muuguzi, kumkinga na malaria. SP humuua mdudu wa malaria kwa kumkatia foleti. Mama akiwa anameza miligramu 5 za foliki asidi kila siku, SP inapungua nguvu. Mikrogramu 400 hazileti shida hiyo. Kwa hiyo anayetumia kile kikubwa amwambie muuguzi kabla ya kumeza SP, hata kama hakuulizwa. Tena SP haitolewi katika miezi mitatu ya kwanza, kipindi ambacho mtoto mwenyewe anaihitaji foleti hiyo kuliko wakati wowote.

Swali la chakula huja haraka mahali penye mnafu, maharage na ndizi kila siku. Foleti imo kweli katika mboga za majani na maharage. Tatizo ni sufuria. Foleti huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto, na mnafu ni mboga inayochemshwa na maji yake kumwagwa ili uchungu upungue. Kinachobaki ni kizuri kwa afya, ila si rahisi kutegemea kwamba kitafika mikrogramu 400. Msaada mwingine ni unga. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zinataka unga wa ngano wa viwandani uongezwe foliki asidi na chuma, hivyo chapati na mandazi huongeza kiasi fulani. Afrika ya Kusini, iliyoanza mwaka 2003 kuongeza kwenye unga wa ngano na wa mahindi, ilishuhudia kasoro hizi zikipungua kwa karibu theluthi moja. Lakini mahindi yanayosagwa kwenye mashine ya mtaani, debe moja kichwani, kwa kawaida hutoka vilevile yalivyoingia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba wajawazito waliofika kliniki ndani ya miezi mitatu ya kwanza walikuwa asilimia 24 tu. Kuwahimiza wengine wawahi ni jambo la haki, lakini hata hao 24 wengi wao walifika bomba likiwa limeshafungika. Kidonge kinahitaji kumkuta mwanamke kabla ya mimba, na zipo siku ambazo tayari anakutana na mhudumu wa afya. Iliyo wazi kuliko zote ni siku anayokwenda kutolewa kijiti mkononi au kitanzi kwa sababu anataka mtoto. Mimba inaweza kuingia mwezi uleule. Muuguzi ameshavaa glavu, ameshasikia kwa kinywa cha mama mwenyewe kwamba anatafuta mtoto, na bahasha yenye vidonge vya chuma na foliki asidi inaweza kutoka mezani pake kabla bandeji haijakauka.