Ngazi ya hatifungani: mshahara wa mstaafu kutoka Hazina

Februari 2024 Serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu yenye riba ya asilimia 18.4607 kwa mwaka, isiyokatwa kodi. Mwaka huohuo hati ya muda mfupi ya siku 364 ilikuwa ikilipa karibu asilimia 17. Wastaafu wengi waliona hakuna haja ya kujifunga kwa miaka mingi ilhali fedha ya mwaka mmoja tu inazaa hivyo, wakaweka kiinua mgongo chote kwenye hati hizo fupi. Agosti 2024 Benki Kuu ilianza kupunguza riba yake ya msingi kutoka asilimia 13, ikaendelea kuipunguza mkutano baada ya mkutano. Kufikia mwisho wa 2025, hati ya siku 364 ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 10. Aliyekuwa akipanga kuishi kwa riba ile alirudi mnadani na fedha ileile, akapewa mapato pungufu kwa zaidi ya theluthi moja.

Kinyume chake pia kimewahi kuwaumiza watu. Mwenye kufunga fedha zote kwenye hatifungani moja ya miaka 15 wakati riba iko chini hubaki akitazama majirani wakipata zaidi. Akilazimika kuuza kabla ya wakati, anauza kwa hasara. Wote wawili wamefanya kosa moja: fedha yao yote inasubiri tarehe moja, na hakuna ajuaye riba itakuwa wapi tarehe hiyo ikifika.

Dawa yake ni kugawa fedha katika hatifungani kadhaa zinazoiva miaka tofauti, moja baada ya nyingine, mfano wa vipandio vya ngazi. Kila mwaka kipandio kimoja kinaiva na mtaji wake unarudi. Fedha hiyo inanunua hatifungani mpya ya mbali zaidi, nayo inakuwa kipandio cha juu. Riba ikiwa imepanda, sehemu ya fedha yako inaingia kwenye riba hiyo mpya, na ikiwa imeshuka, sehemu kubwa bado inalipwa kwa riba ya zamani. Hulazimiki kubashiri.

Tuchukue mwalimu mstaafu wa Nakuru, wa kubuni tu ili hesabu ionekane, mwenye shilingi milioni 4. Milioni 1 anaiacha kando, na tutaona sababu baadaye. Milioni 3 anazigawa mafungu sita ya 500,000, na anataka vipandio vinavyoiva kila mwaka kuanzia 2027 hadi 2032.

Swali la kwanza atakalokutana nalo ni wapi apate hatifungani ya mwaka mmoja au miwili, maana mara nyingi Serikali huuza za miaka mingi. Jibu limo katika majina yenyewe. Kwenye DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu anaoufungua kwa simu au kompyuta, ataona kitu kama FXD1/2018/010. FXD maana yake riba yake haibadiliki, 1 ni toleo la kwanza la aina hiyo mwaka huo, 2018 ni mwaka iliyotolewa, na 010 ni miaka iliyopewa siku ya kuzaliwa. Tarakimu ya mwisho huwapotosha wengi wakadhani wananunua miaka kumi, kumbe hii inaiva Agosti 2028. Kwa hiyo hatifungani ya zamani iliyobakiza miaka miwili ni kipandio cha miaka miwili, hata kama jina lake linasema kumi au kumi na tano. Benki Kuu huzifungua upya hizi za zamani mnadani mara kwa mara, na zisizofunguliwa hupatikana Soko la Hisa la Nairobi kupitia dalali.

Hatifungani kuukuu zina faida nyingine ambayo mwalimu wetu asiiache. Riba ya hatifungani iliyotolewa kwa miaka 10 au zaidi hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na ile ya miaka pungufu hukatwa asilimia 15. Iliyozaliwa ya miaka kumi hubaki na kodi yake ndogo hata ikiwa imebakiza miwili. Za miundombinu, zenye jina linaloanza na IFB, hazikatwi kabisa.

Sasa miezi. Hatifungani za Kenya hulipa riba, au kuponi, kila baada ya siku 182, na malipo huangukia Jumatatu. Mwezi wa kuiva unakuambia miezi ya kulipwa: inayoiva Agosti hulipa Februari na Agosti. Mwalimu akichagua moja ya Januari na Julai, moja ya Februari na Agosti, na kuendelea hivyo hadi ya Juni na Desemba, vipandio sita vinampa malipo kila mwezi wa mwaka. Kwa kuwa siku 182 mara mbili ni 364 tu, tarehe huja mbele siku moja au mbili kila mwaka. Kwa hiyo malipo ya mwanzoni mwa mwezi yanaweza baada ya muda kurudi mwezi uliotangulia. Si jambo la kumtisha, ila asipange kodi ya nyumba kwa tarehe ileile miaka yote.

Tuseme kila moja ina kuponi ya asilimia 13, na ameinunua kwa bei yake ya msingi. Uhalisia utakuwa na tofauti kati ya moja na nyingine, lakini hesabu itasomeka. Shilingi 500,000 kwa asilimia 13 ni 65,000 kwa mwaka, yaani 32,500 kila nusu mwaka. Ondoa kodi ya asilimia 10, zinaingia benki 29,250. Hizo ndizo atakazopokea kila mwezi. Kima cha chini cha kununua hatifungani ya kawaida ni shilingi 50,000, hivyo hata mwenye 300,000 anaweza kujenga ngazi ileile na kupokea 2,925 kwa mwezi. Hatifungani za miaka na miezi yote hazitapatikana katika mnada mmoja. Mwalimu ajipe miezi kadhaa ya kukusanya, na pale mwaka na mwezi visipokubaliana, afuate mwaka. Mwezi mtupu unazibwa na akiba ndogo, lakini miaka miwili ikirundikana pamoja ngazi imekwisha kazi.

Je, ngazi hii inapunguza hatari kiasi gani? Chukulia riba sokoni imepanda ghafla kutoka asilimia 13 hadi 16. Milioni 3 zilizowekwa zote kwenye hatifungani moja ya miaka 15 zingeuzika sokoni kwa takriban 2,493,000, hasara ya zaidi ya nusu milioni. Ngazi yetu nzima ingepungua thamani kwa takriban 223,000. Kipandio cha mwaka mmoja hakifikishi hasara ya asilimia 3, na cha miaka sita hupoteza asilimia 11 hivi, kwa sababu fedha inayokaribia kurudi haipungui sana. La maana zaidi ni kwamba mwalimu hana sababu ya kuuza. Ndani ya mwaka 500,000 zinarudi kamili, naye anazinunulia hatifungani ya asilimia 16. Kupanda kwa riba, kulikomwumiza mwenye miaka 15, kwake kumekuwa nyongeza ya mapato kidogokidogo.

Mahali ambapo ngazi nyingi hubomoka kimyakimya ni kwenye bei. Hatifungani yenye kuponi ya asilimia 18 inavutia macho, lakini soko likiwa asilimia 13, hakuna atakayekuuzia kwa bei ya msingi. Iliyobakiza miaka mitatu itagharimu karibu 112 kwa kila 100. Mwalimu atalipa takriban 560,500, na siku ya kuiva Hazina itamrudishia 500,000 tu. Zile 60,500 hazikupotea. Zilirudi kidogokidogo ndani ya kuponi zake sita, na kila kuponi ya 40,500 baada ya kodi ina kama 10,000 za mtaji wake mwenyewe. Akizila zote kama mapato, kipandio kijacho atakinunua kwa fedha pungufu, na baada ya miaka kadhaa atashangaa ngazi imefupika. Kila kuponi ikiingia, atenge zile 10,000. Atambue pia kwamba hatifungani iliyofunguliwa upya katikati ya kipindi hulipiwa kwanza riba iliyokwisha kulimbikizwa. Hiyo hurudi yote kwenye kuponi ya kwanza, ila lazima awe nayo mkononi siku ya kulipa.

Hatifungani za miundombinu nazo zisomwe waraka wake vizuri. Nyingi hurudisha sehemu ya mtaji kabla ya mwaka wa mwisho, na mwenye kudhani amenunua kipandio cha miaka minane anajikuta na fedha mkononi mwaka wa tatu au wa tano, na kuponi zilizobaki zikiwa ndogo. Si kasoro ya hatifungani, lakini mpangilio wa ngazi lazima uhesabu tarehe zote za kurudishwa.

Mnadani, mwalimu aingie kwa zabuni isiyo ya ushindani. Hapo hataji riba anayoitaka, anapokea wastani wa zilizokubaliwa. Mwenye 500,000 anayejaribu kushindana na mabenki anahatarisha kukosa kabisa, na kukosa kunamwachia pengo kwenye mwaka aliouhitaji.

Na ile milioni 1 aliyoiacha kando? Ngazi inagawa tarehe, haigawi mdaiwa. Vipandio vyote sita vinadaiwa kwa Serikali moja. Desemba 2022 Ghana, ikiwa imeelemewa na madeni, ilitangaza kubadilisha hatifungani zake za ndani kwa nyingine za muda mrefu zaidi na riba ndogo zaidi, huku hati za muda mfupi zikiachwa nje ya mpango huo. Wastaafu walioishi kwa kuponi hizo walikusanyika nje ya wizara ya fedha mjini Accra Februari 2023, Jaji Mkuu mstaafu Sophia Akuffo akiwa miongoni mwao. Mwenye hatifungani moja na mwenye kumi walikuwa katika foleni moja.

Kwa hiyo milioni 1 ya mwalimu haimo kwenye ngazi kwa makusudi. Sehemu yake inakaa benki au kwenye chama cha akiba na mikopo anachokiamini, iwe ya matibabu na dharura, ili asije akalazimika kuuza kipandio kwa bei ya haraka. Inayobaki anaielekeza kwenye kitu ambacho kipato chake hupanda na bei za sokoni, kama vyumba vya kupangisha, maana 29,250 ya leo itanunua unga pungufu mwaka 2032, na kuponi isiyobadilika haina namna ya kulifidia hilo.