Picha ya mazoezi haifunguki? Mwalimu, andika na maneno yake

Mama mmoja wa Newala alinionyesha simu yake. Kwenye kundi la wazazi wa darasa la tatu kulikuwa na picha nne za mazoezi ya likizo, zote ukungu mtupu, na katikati alama ya mshale wa kupakua. "Dada, nimebonyeza tangu jana jioni," aliniambia. "Inazunguka tu, halafu inaniambia nimwombe mwalimu atume tena." Mwanawe alikuwa amekaa pembeni, daftari wazi, penseli mkononi.

Kutuma mazoezi kwa picha kulishika kasi shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi 2020 hadi Juni 29 mwaka huo, na tangu hapo mazoea yamebaki. Ni rahisi kwa mwalimu: anaandika ubaoni au kwenye karatasi, anapiga picha, anatuma. Shida inaanzia upande wa pili. Picha moja ya WhatsApp, hata baada ya kubanwa, mara nyingi ni kilobaiti mia moja au zaidi. Maswali kumi hayo hayo yakiandikwa kwa maneno hayafiki kilobaiti mbili. Ndiyo maana mzazi aliyeko shambani bondeni, kwenye mtandao wa kusuasua, anapata salamu zote za kundi lakini picha hazipati. Wengine simu imejaa, au wamezima upakuaji wa picha ili bando lifike Ijumaa.

Mwalimu akiandika maneno chini ya picha ileile kabla ya kutuma, maneno hayo hufika hata picha ikikataa. Kama maswali ni mengi, ayatume kwenye ujumbe wa pili, mara tu baada ya picha, yakiwa na namba zilezile za kwenye karatasi. Namba zikitofautiana, kesho yake darasani kila mtoto atakuwa anasahihisha swali lake.

Kazi yenyewe iko kwenye michoro. Chukua swali la 4 lenye mchoro wa mstatili, na chini yake "tafuta mzingo". Mwalimu akinakili maneno tu, mtoto asiye na picha amebaki na swali lisilo na kitu. Aandike hivi: "Swali la 4. Chora mstatili. Upande mrefu sm 8, upande mfupi sm 5. Tafuta mzingo wake." Mtoto anachora mwenyewe, na swali limebaki lilelile. Saa nayo ni hivyo. Ukiandika "saa inaonyesha saa tisa na nusu, je, ni saa ngapi?" umeshampa jibu. Andika: "Mshale mfupi uko katikati ya 3 na 4, mshale mrefu uko kwenye 6. Ni saa ngapi?" Yapo maswali yasiyogeuzika, kama yale ya kupima mstari kwa rula kwenye karatasi. Hayo ni heri kuandika waziwazi: "Swali la 7 linahitaji picha, liache", mtoto asidhani amekosea.

Kwa nafasi za kujaza, tumia nukta. Mistari ya chini, ikizunguka neno, WhatsApp huigeuza kuwa herufi za mlalo na mistari yenyewe inatoweka. Na kabla ya kutuma, mwalimu afunike karatasi yake kwa mkono, ajaribu kufanya maswali kwa kusoma ujumbe peke yake. Akikwama, na mtoto atakwama.

Kuna wazazi wenye kitochi, ambao kundi hawalioni kabisa. Kwao ni ujumbe wa kawaida wa simu, ambao una nafasi ya herufi 160. Lile swali la mstatili linaenea na nafasi inabaki. Lakini alama ya × au ÷ moja tu inashusha nafasi hiyo hadi herufi 70, na ujumbe unakatwa vipande vinavyolipiwa kila kimoja. Andika "mara" na "gawanya kwa".

Mimi huandika habari za afya, kwa hiyo jicho langu lilienda kwa mtoto mwingine pia: mwenye uoni hafifu, wakiwemo watoto wengi wenye ualbino. Picha ya ubao ukiikuza inapasuka na kuwa ukungu, na mtoto anaishia kuibandika simu usoni. Maandishi unayakuza kwenye mipangilio ya simu na yanabaki safi.

Yule mama alimpigia mwalimu. Hakuomba picha itumwe tena, aliomba maneno. Yalifika jioni ileile, na mtoto akaanza na swali la mstatili, akitumia ukingo wa boksi la kiberiti badala ya rula.